Tahariri ya bodaboda iliyonikamata

Jana nimesoma tahariri inayotaka bodaboda zipigwe marufuku katikati ya jiji. Nilifika mwisho nikitikisa kichwa kukubali kila neno. Baadaye nikachukua kalamu nikairudia, nikajionea haya.

Inaanza na mama anayelia wodini kando ya mwanawe aliyevunjika mguu. Kilio kile ni cha kweli, wala simkejeli. Ila kinanieleza uchungu wa ajali, hakinielezi kama marufuku itaizuia.

Ushahidi wake ni mmoja tu: mwandishi alitembelea wodi ya mifupa siku moja, akakuta majeruhi 9 kati ya 12 ni wa bodaboda. Hapo ndipo niliponasa mara ya kwanza. Wodini huwakuti waliofika salama! Ili kujua hatari yenyewe, lazima uhesabu ajali ukilinganisha na idadi ya safari zote, kisha uweke daladala na magari binafsi kwenye mizani hiyohiyo. Tena hasemi hao 9 waliumia wapi. Kama ni barabara za pembezoni, marufuku ya katikati ya jiji ingewafaa nini?

Halafu hii: "Madereva hawa hawajali uhai." Wote? Nimejaribu kuweka "baadhi ya" mbele ya "madereva", na hoja ya kuwafukuza wote ikaporomoka palepale.

Huenda marufuku inafaa, sijui. Tahariri ile haijanithibitishia. Na anayenibeba kila asubuhi ana kofia ngumu mbili, moja yangu.