Siku moja katika kliniki ya meno: vidonge havitoi usaha

Saa mbili asubuhi benchi la nje limeshajaa. Mimi ni daktari wa meno katika hospitali ya wilaya, na wengi wanaoingia kwangu wamepitia kwanza duka la dawa. Wa kwanza leo ni mama mmoja ambaye gego lake limemkosesha usingizi. Akinywa maji baridi, maumivu yanakaa dakika kadhaa na kupanda hadi sikioni. Hana homa wala uvimbe, lakini ameshanunua kapsuli za amoksilini na anaomba nimwongezee.

Nimemweleza kwamba maumivu yake yanatokana na kiini cha jino, yaani ile nyama yenye mishipa iliyo ndani, ambacho kimevimba mahali pasipo na nafasi ya kutanuka. Kuua bakteria hakupunguzi mgandamizo huo, kwa hiyo amoksilini haimtulizi. Kinachotuliza ni ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na parasetamoli ya gramu 1, vyote viwili kwa pamoja baada ya chakula, kila baada ya saa nane, kwa kuwa kila kimoja hufanya kazi kwa njia yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba simpi ibuprofeni. Huyo hutumia parasetamoli pekee. Hata hivyo dawa hizo ni za kuvusha muda tu, na mama amekubali tuanze leo kusafisha mzizi.

Saa nne ameingia fundi uashi, shavu la kushoto limevimba hadi chini ya taya.

"Shikamoo daktari. Dozi hii ni ya pili, na ile ya kwanza uvimbe ulipungua kabisa."

Maneno hayo nayasikia mara nyingi, na ndiyo yanayowachelewesha watu. Dawa husafirishwa na damu. Ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena, na katikati ya jipu, ambalo ni mfuko wa usaha usio na mishipa, dawa huingia kidogo mno. Vidonge huwapunguza bakteria walioenea katika nyama ya pembeni, ambako damu inafika. Uvimbe unashuka, mgonjwa anaamini amepona, ilhali chanzo kimebaki kwenye ncha ya mzizi. Dozi ikiisha, usaha hurudi.

Kabla ya kumgusa nimetafuta dalili za hatari. Joto lake ni 38.4. Mdomo unafunguka kiasi cha vidole viwili vilivyosimamishwa, wakati kwa kawaida vitatu hupita. Anameza mate bila shida, sauti yake haijabadilika, na sakafu ya mdomo chini ya ulimi ni laini. Ingekuwa imekaza na kuuinua ulimi, au angekuwa anadondosha mate, nisingemkalisha kwenye kiti changu. Ningemkimbiza hospitali ya rufaa, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Ganzi nimeichoma mbali na jipu, nyuma ya taya, pale mshipa wa fahamu unapoingia mfupani. Ndani ya usaha kuna asidi inayoidhoofisha ganzi, tena sindano ikipita humo husambaza uchafu. Kati ya fizi na shavu, pale uvimbe ulipokuwa unabonyea chini ya kidole, nimechana kama sentimita moja, nikaingiza koleo jembamba likiwa limefungwa na kulifungua taratibu likiwa ndani. Usaha wa manjano wenye harufu kali umetoka papo hapo, na fundi ameshusha mabega kabla sijamaliza kuosha jeraha kwa maji ya chumvi. Kisha nimeling'oa gego lenyewe, kwani ndilo mlango wa bakteria, na nimeshonea kipande cha mpira ili tundu lisijifunge usaha uliobaki ukiwa bado ndani.

Saa saba ameuliza kama atapata vidonge. Yeye atapata, kwa sababu homa na taya linaloanza kukaza zinaonyesha kwamba maambukizi yametoka nje ya jipu: amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, baada ya kuthibitisha kuwa penisilini haimdhuru. Kama uvimbe ungekuwa wa fizi tu, bila homa, ningemruhusu na dawa za maumivu peke yake.

Mchana wamefuata wagonjwa wa kujaza meno. Saa tisa alasiri, kabla ya kufunga, nimempima tena fundi: joto 37.6, na shavu limelegea kidogo. Kesho kutwa nitamtoa ule mpira iwapo usaha umekoma. Ukiwa bado unatoka, au taya likizidi kukaza, nitampiga picha ya eksirei kutafuta mzizi uliobaki au mfuko mwingine wa usaha, kabla ya kufikiria kubadilisha dawa.