Siku moja kituoni kwangu, na nafasi za likizo ya Disemba

Wazazi mmenijazia meseji mkiuliza likizo hii nachukua watoto wa umri gani na bei gani, nikaona bora niwaandikie jinsi siku yangu ya jana ilivyokwenda hapa Tabata, majibu yenu yote yamo humo humo.

Saa 11 alfajiri nishaamka na kazi ya kwanza ni ndoo. Nazunguka uani, bafuni, jikoni, ndoo yoyote yenye maji namwaga au naipandisha juu, pipa nalifunika na kufunga, maana mtoto wa miaka 2 kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akichungulia akatumbukia hawezi kujiinua na wala hapigi kelele, utakuja kushtuka umechelewa.

Saa 12 na nusu asubuhi geti linafunguliwa. Kila mtoto anaandikwa kwenye daftari saa aliyofika, nani kamleta na nani atamfuata. Jana mama mmoja kaja na mtoto anachemka, kaniomba nimpe panadol tu mtoto ashinde, nikamwambia hapana dada yangu, mwenye homa au anayeharisha simpokei, atawaambukiza wenzie. Dawa za kuendelea nazo napokea kama zimeandikwa jina, kipimo na saa, nazifungia kabatini.

Saa 3 uji, halafu nikakaa na walezi kupanga likizo. Tunachukua watoto 30 tu, miaka 2 hadi 9. Wa miaka 2 na 3 mlezi mmoja anashika watoto 5, wa 4 hadi 6 anashika 8, wakubwa wa 7 hadi 9 anashika 12, na hao wakubwa watakuwa na ushonaji, bustani ya mchicha na kusoma hadithi, sio twisheni jamani, waacheni wapumzike. Ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 11 na nusu jioni, tarehe 25 na 26 hatufungui. Ada ni 12,000 kwa siku au 50,000 kwa wiki, uji na chakula cha mchana ndani yake, mtoto wa pili wa nyumba moja analipa 40,000 kwa wiki. Ukichelewa kumfuata ni 2,000 kila nusu saa, hiyo naigawa kwa mlezi aliyebaki na mwanao.

Saa 6 na nusu wali maharage. Msiwafungie karanga, bisi wala pipi ngumu, wadogo wanapaliwa, na zabibu kama lazima zikatwe kwa urefu vipande vinne. Saa 7 wadogo wanalala na mlezi anakaa mle mle chumbani, hatoki hata kama wote wamelala.

Saa 9 na nusu sasa, hapa naomba msome vizuri. Bajaji ikasimama getini, akashuka kijana akasema ni mjomba wa mtoto fulani wa miaka 4, katumwa na dada yake. Mtoto alivyomuona akamkimbilia, akamkumbatia, mlezi wangu mpya akataka kufungua. Nikamzuia. Mtoto kumjua mtu sio ruhusa, watoto wengi wanaoibwa au kudhuriwa wanamjua anayewachukua. Jina lake kwenye fomu halimo. Nikapiga kwa mama, simu imezimwa, mjomba akapandisha hasira, akanipa simu yake niongee na "mama" aliyekuwa upande wa pili. Sikuongea, sauti kwenye simu ya mtu mwingine siijui, mimi napiga namba zilizoandikwa kwenye fomu tu. Nikampa kiti nje ya geti na maji ya kunywa, mtoto nikamrudisha ndani.

Dakika 40 baadaye mama akawasha simu akanipigia kwa namba yake, nikamuuliza lile neno la siri alilochagua siku ya kuandikisha, akalitaja. Kweli ni mdogo wake. Nikapiga picha kitambulisho cha kijana, akasaini daftari, wakaondoka. Mama alisema asante, ila mjomba hakuniaga na namuelewa kabisa, dakika 40 juani sio mchezo.

Kwa hiyo fomu ya likizo ina nafasi ya watu wanne wa kumchukua mtoto, kila mmoja na namba ya simu na picha. Jazeni wote wanne, muweke na babu au jirani, siku simu yako ikizima asikae mtu juani. Boda peke yake hatumpi mtoto hata kama ni wa kila siku.

Saa 11 na nusu jioni hesabu ya mwisho, walioingia 22 walioandikwa kutoka 22, mlezi anapita chooni na nyuma ya makabati ndipo geti linafungwa. Fomu zipo ofisini kuanzia kesho, njoo na kadi ya kliniki ya mtoto na nusu ya ada ya wiki ya kwanza.