Ng'ombe Wanaoitwa kwa Jina la Bibi Yao

Siku niliyoletwa Longido kama bibi harusi nilisimama langoni mwa boma, sikuingia. Ndiyo desturi yetu Wamaasai: bibi harusi anangoja atajiwe mifugo ndipo apige hatua. Baba mkwe alinitajia ndama jike mweusi, nami nikaingia. Tangu siku hiyo hatuitani kwa majina. Mimi namwita Paashe, naye ananiita Paashe, kwa sababu ya ndama yule. Angenipa ng'ombe mkubwa, tungeitana Pakiteng. Sikujua kwamba neno lile lingekuja kunifundisha namna zizi zima linavyopewa majina.

Nilianza kukama asubuhi ya tatu. Mama mkwe aliniambia, "Anza na Nolari." Nikamwendea ng'ombe mweusi aliyenionyesha. Kesho yake akasema tena nianze na Nolari, akanionyesha mwekundu. Siku ya tatu Nolari alikuwa wa kijivu. Nilidhani ananijaribu.

Nimesoma hadi kidato cha nne, kwa hiyo nilifanya nililolizoea: nilinunua daftari. Niliwaandika ng'ombe wote ishirini na watatu kwa rangi zao, maana rangi nilizijua tangu utotoni. Mweusi ni narok, mwekundu ni nanyokie, mweupe ni naibor. Mwenye weusi na weupe ni narus, wa kijivu kinachokaribia samawati ni pus, mwenye mistari ni keri. Lugha yetu ina maneno mengi ya namna hii, na mchungaji akipotelewa na ng'ombe hulitaja moja tu, na mtu wa boma la mbali anajua ni yupi wa kumtafuta.

Daftari langu lilidumu misimu miwili ya mvua, likavurugika. Ndama wengi walibadilika manyoya walipokua. Niliyemwandika mwekundu aliyekolea akawa kama mchanga. Kisha Narok wangu, yule wa langoni, akazaa ndama mwekundu. Nilishtuka, lakini si ajabu: weusi wa ng'ombe hufunika wekundu, na jike mweusi anaweza kuwa amebeba wekundu uliofichika, akakutana na dume mwekundu, akazaa ndama mwekundu. Zaidi ya hayo, mume wangu alikuwa ameleta dume jekundu la aina ya Sahiwali ili tupate maziwa zaidi. Baada ya miaka michache nusu ya mitamba ilikuwa ya wekundu ule ule. Nikawa na akina Nanyokie saba na sina njia ya kuwatenganisha.

Nilipomlilia mama mkwe, alicheka kidogo, kisha akaketi nami kwenye kivuli cha nyumba akanieleza polepole. Rangi, alisema, ni ya ng'ombe mmoja, na hufa naye. Jina ni la tumbo. Ng'ombe wa kwanza kuingia bomani hupewa jina kutokana na namna alivyokuja au jambo lililotokea siku zile, na kila jike atakayezaliwa kwake, na wajukuu, na vitukuu, wote huitwa jina hilo hilo. Nolari wa kwanza aliletwa mvua zilipoanza kunyesha baada ya kiangazi kirefu, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la majira ya mvua. Nasieku wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake, ndivyo jina linavyosema. Aliyetolewa na rafiki alibeba kumbukumbu ya urafiki. Madume na maksai huitwa kwa rangi au pembe zao tu, kwani jina haliendelei kupitia kwao. Kwa hiyo yule mweusi, yule mwekundu na yule wa kijivu wote walikuwa Nolari kweli, bibi, mama na binti. Ukitaka kumtaja mmoja unaongeza rangi: Nolari mwekundu, Nolari pus.

Nikauliza kwa nini wanawake ndio wanaoyajua majina haya vizuri zaidi. Akaniambia nitazame nyumba. Kila mke ana ng'ombe wa nyumba yake, anawakama yeye, ndama wachanga wanalala ndani kwake kwenye olale, na ng'ombe hao ndio watakaorithiwa na watoto wake wa kiume. Ukikosea tumbo la ng'ombe, umechukua mali ya mtoto wa mke mwenzio. Alama za masikio, ilponot, hazisaidii hapo, maana boma zima lina mkato mmoja. Wala chapa ya moto, ambayo ni ya ukoo.

Nililiandika daftari upya. Safari hii kila ukurasa ulikuwa wa tumbo moja: jina juu, chini yake jike wa kwanza anayekumbukwa, kisha binti zake kwa mfuatano. Kwa kila mmoja niliandika mama yake, msimu aliozaliwa, rangi ya siku ya kwanza, rangi ya mwaka mmoja, na alama moja isiyobadilika. Alama hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Baka jeupe halihami; linakua pamoja na ngozi tu. Kwa hiyo nikawa nawapindua ndama siku wanayozaliwa, natafuta chini ya kitovu, kwenye kiwele, katikati ya kwato, kwenye ncha ya mkia. Wakati huo macho ya mama mkwe yalikuwa yameanza kufifia, naye alinitajia mabinti wa kila tumbo akiwa amefumba macho kabisa.

Kiangazi kimoja mifugo ilihamishwa mbali kwa miezi mitano. Iliporudi, mitamba miwili myekundu ilizusha mabishano. Kijana mchungaji alishikilia kwamba mmoja wao ni Nasieku, ambaye ni tumbo la nyumba ya mke mwenza wa mama mkwe. Mimi niliamini ni Nolari. Wote wawili walikuwa wekundu bila doa lolote ubavuni, kimo kile kile. Na mmoja wao alikuwa ameahidiwa kwenye mahari, kwa hiyo kosa lingeondoka na ng'ombe wa watoto wa mama mwingine.

Mama mkwe hakutaka ubishi. Jioni, wakati wa kukama, alisimama mlangoni akaita kwa sauti ile anayoitumia kila siku, "Nolari, Nolari!" Ng'ombe wakubwa wa tumbo hilo waligeuza vichwa, na nyuma yao mtamba mmoja akasimamisha masikio akaja. Mwenzake aliendelea kulamba nguzo ya zizi. Ndama hulisikia jina hilo tangu siku ya kwanza, kila mama yake anapoitwa na maziwa yanakuja, kwa hiyo hulijua kuwa lake.

Hata hivyo niliogopa kutegemea masikio peke yake, maana mtamba anaweza kumfuata mwenzake tu. Tukamlaza yule aliyekuja, nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika: mwekundu, mvua za Novemba, doa jeupe la ukubwa wa kucha nyuma ya kitovu. Doa lilikuwepo, sasa pana kama kiganja cha mtoto. Yule mwingine tumbo lake lilikuwa jekundu tupu.

Siku hizi wengi wao wana pia hereni za utambuzi, kufuatana na sheria ya mwaka 2010. Namba nimeiandika mwishoni mwa mstari wa kila ng'ombe. Hereni hung'oka kwenye miiba, nami nikikuta sikio limechanika najua ni namba ipi imepotea kwa sababu najua ni binti wa nani.

Yule Narok wa langoni alikufa mwaka jana kwa uzee. Mimi ndiye niliyepaswa kulichagulia jina tumbo lake, kwa kuwa aliingia na mimi. Tunaliita Paashe. Wako watano, na hakuna hata mmoja mweusi.