Barua ya Jumapili usiku

Kila Jumamosi, kabla sijafua nguo, hujiandikia barua pepe fupi na kuipangia ifike Jumapili saa tatu usiku. Saa hiyo sikuiokota tu. Saa mbili huwa napiga simu nyumbani, na nikishakata, chumba huwa kimya mno. Hapo ndipo nilipokuwa naanza kutafuta tiketi ya kurudi.

Mwanzoni niliweka kikumbusho kwenye kalenda ya simu, kijirudie kila wiki: "Kumbuka kwa nini ulikuja. Usikate tamaa." Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya nne nikakifuta kwa kidole gumba bila kukisoma, kama tunavyofuta matangazo. Jicho lilishayazoea maneno yale, na yenyewe yalikuwa ya kadi ya mahafali, si yangu.

Nikahamia barua pepe, niandike upya kila wiki. Ya kwanza ikanichezea. Kompyuta ilikuwa bado inafuata saa za nyumbani, zilizo mbele kwa saa mbili, kwa hiyo barua ikaingia saa moja, kabla ya simu. Nikaongea na mama koo limenikaba. "Mbona sauti hiyo, mwanangu? Unaumwa?" Siku hizi nakagua majira ya kompyuta kwanza.

Nasomea maji ya ardhini. Kwenye barua naweka sababu moja tu ya kubaki huku, nayo lazima ishikwe na jambo la wiki hiyohiyo. Moja ilisema: "Alhamisi umepima sampuli sita za kisima bila kumwita msimamizi. Mashine hii uliijua kwa picha ya kitabuni tu. Harusi ya dada umeikosa, na hiyo hailipiki." Sentensi ya mwisho siiachi kamwe. Barua isiyotaja nilichopoteza siiamini; naiona kama imeandikwa na mtu anayetaka kuniuzia kitu.

Mwezi wa tano nilizisoma zote kwa mfululizo. Shahada, ambayo niliaga nayo kila mtu, haikutajwa tena baada ya barua ya tatu. Nyingine zote zilikuwa za maabara. Nilikuwa nimejiandikisha somo la hiari lililo jepesi, la kupandishia alama. Nikalifuta, nikachukua la uchambuzi wa maji, ingawa lina vipindi vya jioni mara mbili kwa wiki.

Zipo Jumamosi ambazo sababu haipatikani, na kuitunga sitaki. Mwezi uliopita niliandika hivi: "Wiki hii sina sababu. Sampuli za naitreti umezichukua leo saa nne na ziko kwenye friji. Muda wa kuzipima, saa 48, unaisha Jumatatu saa nne asubuhi, na hakuna mwingine wa kuzipima."

Nilipoisoma Jumapili usiku, ukurasa wa tiketi ulikuwa umeshafunguka. Niliufunga, nikatega kengele ya saa kumi na mbili.