Jina la mafuta ya nazi lisomeke kutoka upande wa pili wa njia ya supamaketi

Ukichora lebo za bidhaa hapa Mombasa, kila mtu ana ushauri wa kukupa, na ushauri wenyewe ni mmoja: tia rangi ziwake. Mimi umenichosha. Rangi kuwaka na jina kusomeka ni mambo mawili mbalimbali, na kazi iliyonifanya niseme hivi kwa uhakika ni ya mama mmoja wa Kisauni anayekamua mafuta ya nazi ya kupikia na kuyapaki kwenye chupa za plastiki za nusu lita.

Alikuja na lebo aliyochorewa kwengine. Ilikuwa ya plastiki angavu, haina rangi nyuma, na jina limeandikwa kwa herufi nyeupe za mwandiko wa kuunganisha. Ukiishika chupa mkononi nje kwenye joto, ilipendeza kweli: mafuta maangavu kama maji, na herufi zinaelea juu yake. Tatizo ni kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiganda huwa meupe. Nyumbani kwake Kisauni hayagandi ila mara chache. Lakini alikuwa ameanza kupeleka kwenye supamaketi yenye kiyoyozi, na kule chupa zote ziliganda. Herufi nyeupe juu ya mafuta meupe! Nilikwenda kutazama mwenyewe. Nikisimama upande wa pili wa njia niliona safu ya chupa nyeupe zisizo na jina, na wateja wakizipita.

Mpwa wake akatoa dawa: "Mzungushie kila herufi mstari mweusi, basi." Nilijaribu mbele ya macho yao ili suala lile liishe. Mwandiko wa kuunganisha una matundu madogo ndani ya herufi kama "a" na "e". Mstari mweusi ukauma matundu yale kutoka ndani, na kwa mbali kila herufi ikawa doa. Ongeza kivuli, kama alivyotaka baadaye, na doa linakuwa kubwa zaidi. Mstari wa kuzungushia ni ishara kwamba herufi na kilicho nyuma yake havijapatana, na afadhali ubadilishe kilicho nyuma.

Ndivyo nilivyofanya. Jina lisitegemee mafuta hata kidogo, liwe na uwanja wake. Nilichora bamba la kijani kilichoiva, karibu na rangi ya kiza, na juu yake herufi za rangi ya krimu. Mafuta yakiwa meupe, bamba lajitokeza. Yakiwa maangavu, herufi bado ziko juu ya kijani. Kama unatumia plastiki angavu, mwambie mchapishaji apige kwanza tabaka jeupe chini ya bamba lote, la sivyo mwanga wa nyuma unapenya, na kijani chako kinafifia. Kujua kama rangi mbili zinatosha kutengana, piga picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu juu ya kijani, ambayo mteja aliitaka, iligeuka kijivu juu ya kijivu. Alipoiona hiyo picha hakubishana tena.

Halafu kuna ukubwa, na hapa wengi hukosea kwa sababu wanachora kwenye skrini iliyo bapa, ilhali chupa ni duara. Chupa yake ina upana wa milimita 70, kwa hivyo mzunguko ni kama 220. Jina la zamani lilitambaa karibu milimita 100, maana yake herufi za mwanzo na za mwisho zilikuwa zimegeukia ubavuni. Niliizungushia chupa kipande cha karatasi, nikasimama mbele yake, na kutia alama pale ambapo karatasi inaanza kubanwa na mviringo. Sehemu inayosomeka vizuri haikuzidi milimita 60. Jina lazima liishi humo lote.

Jina lenyewe sitalitaja, ila lina herufi 6. Kwa herufi pana ningepata urefu mdogo tu, kwa hivyo nilichukua herufi kubwa nene zilizobanwa kwa upana, kila moja upana wake kama nusu ya urefu, na nikaacha nafasi ya kutosha baina yao. Zikafika urefu wa milimita 18. Waandikaji wa mabango wana kipimo chao cha zamani, milimita 25 kwa kila mita 3 ili mtu asome bila kukaza macho, na kwa kipimo hicho 18 zinatosha kwa mita 2 na kidogo, ambayo ndiyo njia ya supamaketi yenyewe. Kuliandika jina wima kutoka chini kwenda juu, kama alivyoshauri jirani, kungelipa herufi kubwa zaidi, lakini nani anainamisha shingo kusoma mafuta?

Sasa mbinu yangu, ambayo naipenda kuliko zote. Huna haja ya kuchapisha lebo nzima na kutafuta rafu. Chapisha mchoro kwa asilimia 20 ya ukubwa wake, uushike sentimita 60 kutoka machoni. Jicho linaiona sawasawa na lebo kamili iliyo mita 3 mbali, kwa sababu umepunguza vyote viwili kwa tano. Karatasi moja ya kawaida inabeba michoro mingi, na gharama ni shilingi chache za kuchapisha. Nilimpelekea kijana wa kibanda cha chai, asiyelijua jina lile, nikamwambia asome. Mchoro wa zamani aliukodolea macho akasema, "Kaka, hii ni dawa ya nywele?" Wangu akausoma papo hapo. Muhimu msomaji asilijue jina, maana wewe mwenyewe unalisoma hata likiwa limefifia kabisa.

Mteja alitaka mnazi, dau na machweo. Nilimbakizia nusu nazi ndogo chini ya jina, mengine yakahamia ubavuni pamoja na maelezo. Maneno "Mafuta ya nazi" na ujazo yalibaki mbele, kwani kanuni za kimataifa za chakula, za Codex, zinataka jina la chakula na ujazo vionekane mahali pa wazi kwa mtazamo mmoja. Nikayaweka chini kidogo tu ya katikati, si ukingoni, kwa kuwa reli ya bei ya mbele ya rafu hufunika kitako cha chupa. Jina lilikaa thuluthi ya juu ya lebo kwa sababu hiyo hiyo, tena chupa iliyo rafu ya chini hutazamwa kutoka juu.

Kwenye kuchapisha nilisisitiza mambo mawili. Isiwe karatasi, maana tone la mafuta likishuka kutoka mdomoni karatasi inalinywa na kuwa na baka. Iwe plastiki ya polipropilini. Na tabaka la juu lising'ae. Taa ndefu za supamaketi huchora mstari mweupe wima kwenye chupa inayong'aa, na mstari huo unaangukia katikati, juu ya jina hasa. Ilimgharimu zaidi kidogo, lakini alilipa bila manung'uniko baada ya kuziona sampuli mbili chini ya taa moja.

Sasa anataka chupa ya robo lita, na mpwa ameshasema niipunguze lebo ile ile. Haipunguziki hivyo. Chupa hiyo ina upana wa milimita 55, sehemu inayosomeka ni kama 47, na herufi zinashuka hadi 14. Nusu nazi itaondoka ili bamba la kijani lipate nafasi, na maneno ya ubavuni yataandikwa upya kwa ufupi.