Asilimia 8 si nyuzi 8: rampu ya nyumbani Tabata

Nyumba yetu ya Tabata iliinuliwa kwa sababu ya maji ya masika, na kibaraza chake kiko sentimita 40 juu ya uwanja. Mama alipoanza kutumia kitimwendo, rafiki yangu anayechora ramani za nyumba alinichorea rampu yenye mteremko wa asilimia 8. Fundi alipimia simu, ambayo ukiilaza juu ya ubao huonyesha mwinamo kwa nyuzi, na nilipofika jioni alikuwa amekwisha kufunga mbao za zege kwa nyuzi 8.

Kilichonishtua ni ufupi wake. Nilipima ardhini kutoka kibarazani hadi mwisho wa mbao, nikapata kama mita 2.85. Asilimia 8 maana yake ni kupanda sentimita 8 kwa kila sentimita 100 za umbali wa mlalo, hivyo kupanda sentimita 40 kunahitaji mita 5.

"Fundi, rampu imepungua mita mbili na zaidi," nilimwambia.

"Bosi, simu hii hapa inasoma nane," akajibu, na kweli ilikuwa ikisoma nane.

Asilimia ya mteremko ni kimo kugawanywa kwa umbali wa mlalo, mara 100, na uwiano huo ndio tanjenti ya pembe tuliyosoma sekondari. Kupata nyuzi, unagawanya asilimia kwa 100, kisha unatumia tanjenti kinyume, yaani kitufe cha tan⁻¹. Niliingiza 0.08 nikapata 0.0798, jibu linalokaribia kulingana na nilichoingiza. Hiyo ndiyo dalili kwamba kikokotoo kiko kwenye RAD, yaani kinatoa pembe kwa radiani badala ya nyuzi. Nilipokibadili kuwa DEG kikatoa 4.57. Ukisahau kugawanya kwa 100 utapata nyuzi 82.9, ambazo ni ukuta, si rampu.

Nikageuza hesabu: tanjenti ya nyuzi 8 ni 0.1405, yaani mteremko wa asilimia 14. Mama asingeweza kujisukuma hapo, na mimi mwenyewe ningehema.

Fundi alitaka njia isiyo na kikokotoo, nikamwambia azidishe asilimia kwa 0.57, na 8 ikampa 4.56. Njia hiyo inafaa miteremko midogo tu, kwa kuwa asilimia 100 ni nyuzi 45, wakati 0.57 ingetoa 57.

Tulifungua mbao, tukavuta kamba hadi mita 5, kisha tukaweka simu kuhakiki. Ilisoma 4.9. Kabla ya kugusa mbao tena nikaigeuza mwisho kwa mwisho palepale, ikasoma 4.3. Kosa lilikuwa la simu, na wastani wa vipimo hivyo viwili ni 4.6. Zege tukalimwaga kesho yake.