Uamuzi haukuharibika

Jioni barazani, Ngamiani hapa Tanga, mgeni ninayemfundisha Kiswahili akatuambia: "Nimetengeneza uamuzi. Kesho naenda Pangani." Jirani yangu akamuuliza kwa upole, "Kwani uliharibika, mwanangu?"

Hakumkejeli. Kwetu kinachotengenezwa ni kiti, au baiskeli iliyokufa.

Nikaomba daftari lake. Alikuwa ametafuta kila neno peke yake kwenye kamusi: kitenzi cha Kiingereza, akachukua maana ya kwanza, "tengeneza", kisha nomino, "uamuzi". Kila neno sahihi, sentensi haisemwi. Katika msemo ule wa Kiingereza, "make a decision", kitenzi kimebaki na maana kidogo sana, mzigo wote umebebwa na nomino. Kwa hiyo nikamwambia aanzie kwenye nomino, aangalie mifano ya kamusi: uamuzi huandamana na vitenzi gani?

Tukapata kutoa uamuzi, kazi ya hakimu au refa. Kufikia uamuzi, kwa waliojadiliana. Na kwa mtu aliyesitasita kama yeye, amekata shauri. Mara nyingi hata nomino haihitajiki: nimeamua, basi.

Ugumu ni kwamba jozi hizi hazikisiwi. Asubuhi ile alikuwa amemwambia jirani yuleyule, "Nimechukua picha yako," na mama wa watu akaenda kutazama ukutani kama picha yake ya harusi bado ipo. Kwetu picha hupigwa, kama simu, hodi na pasi. Sasa daftari lake linaandikwa jozi nzima: piga picha, kata shauri.